Siriali Zimefanana, Lakini Zimefanana na Nini?

"Kuna jamaa Kilimani, Nairobi, anauza kipande cha dhahabu cha aunsi moja, cha kiwanda cha PAMP cha Uswisi, bado kimefungwa kwenye kadi yake ya plastiki. Amenitumia picha kwa WhatsApp na siriali ya kwenye dhahabu ni ileile iliyo kwenye kadi. Bei yake iko chini ya soko kwa asilimia kumi na tano, anasema ana bili ya hospitali. Hataki pakiti ifunguliwe kwa sababu eti itapoteza thamani. Siriali zikifanana, si inatosha?"

Haitoshi. Usitume pesa yoyote kwa sasa, hata ile kidogo ya "kukuwekea". Picha zina faida kubwa, ila faida yake inaenda upande mmoja: zinaweza kukuonyesha kwamba kitu ni feki ukaachana nacho ukiwa bado umekaa kwako. Kukuthibitishia kwamba ni halali, haziwezi, hata ziwe safi namna gani.

Tuanze na siriali, maana ndiyo iliyokutuliza moyo. Kiwandani kipande hupigwa chapa kwanza, kikapata picha na maandishi yake yote, kisha ndipo kinapewa nambari. Nambari hiyohiyo huchapwa kwenye kadi, halafu viwili hivyo vinafungwa pamoja. Kazi ya siriali basi ni kuioanisha kadi hii na kipande hiki. Mtu akipata kadi halali, akatoa dhahabu akaweka kipande kingine, nambari zitamsuta. Hiyo ndiyo hila inayonaswa na kufanana kwa nambari, na haizidi hapo.

Mkora aliyetengeneza kipande na kadi vyote viwili anaandika nambari moja mara mbili, kwisha. Katika kazi yake yote hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Mara nyingi hata haibuni: anaichukua kwenye picha ya kipande halali ambacho mwenyewe alikianika mtandaoni bila kufunika nambari. Hapo hata ukiliuliza duka lililouza kile cha kwanza, utajibiwa kwamba nambari ipo, na jibu litakuwa la kweli, ila linahusu kipande kingine kilichofungiwa kabatini kwa mtu. Kwa hiyo andika siriali yako kwenye Google ukiizungushia alama za kunukuu, kisha ipitishe picha yenyewe kwenye Google Lens. Ikitokea kwenye tangazo jingine, ama picha imeibwa ama nambari imenakiliwa, na vyovyote iwavyo biashara imekufa. Isipotokea, hujajua lolote jipya.

Tena nambari inaweza kuwa halali kabisa na dhahabu isiwe nzima. Mwaka 2012 pale Manhattan, New York, vilipatikana vipande vya aunsi 10 vyenye chapa ya Uswisi, na siriali zake na makaratasi yake, lakini ndani vilikuwa vimetobolewa na kujazwa tangsteni, metali ya bei nafuu. Ngozi ya nje ilikuwa dhahabu ya kweli. Aliyelinganisha nambari hakuona kasoro, kwa kuwa kasoro haikuwa kwenye nambari.

Kuna jambo jingine kwenye nambari ambalo wengi hulipita: namna ilivyokaa juu ya chuma. Nimesema siriali huja baada ya kipande kupigwa chapa. Muhuri wa chuma unaopiga chapa ni mmoja, unapiga vipande vingi sana, vyote na maandishi yaleyale. Nambari hubadilika kila kipande, kwa hiyo haiwezi kutoka kwenye muhuri huo. Huchorwa au hugongwa baadaye, juu ya uso uliokwisha kung'arishwa. Ukivuta picha karibu, nambari halali inaonekana kama kitu kilichokata au kuchoma uso laini: kingo zake kali, sakafu yake ina mng'ao tofauti na eneo linaloizunguka. Kwenye feki za bei rahisi, nambari imetoka pamoja na jina la kiwanda kwa pigo moja. Utaona herufi za jina na tarakimu za siriali zina ulaini uleule, mabega ya mviringo yaleyale, na rangi ya dhahabu imetiririka kwa usawa hadi ndani ya tarakimu kwa sababu kipande kilichovywa dhahabu baada ya kila kitu kuandikwa. Muhuri huo umezaa mamia ya ndugu zake, wote wakiitwa jina moja.

Kwenye kadi mantiki ni hiyohiyo, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa upande wa pili. Wanaona nambari imechapwa kwa wino au kina tofauti na maandishi mengine ya kadi, wanapiga kelele "feki!" Kumbe tofauti hiyo ni ya kutarajiwa. Nembo, mistari na maelezo ya kadi huchapwa kwa wingi mapema; nambari huongezwa baadaye, kadi moja moja, kwa mashine nyingine. Inaweza kuwa nyeusi zaidi, inaweza kuwa imepanda au kushuka kidogo ukilinganisha na kadi nyingine. Cha kutia shaka ni kinyume chake. Chukua lenzi ya sonara ya kukuza mara 10 (zinauzwa bei ya chakula cha mchana) uangalie maandishi madogo kabisa. Chapa ya kiwandani ina herufi zilizojaa wino, kingo safi. Ukiona herufi nyeusi zimeundwa na vitone vya samawati, waridi na njano, na nambari nayo ina vitone vilevile, mtu amepiga picha kadi nzima pamoja na nambari yake, akaichapa upya. Nambari hapo haikuongezwa na mtu. Imekuja imepanda ndani ya picha.

Usihukumu kadi kwa kuilinganisha na picha ya kwanza uliyoiona mtandaoni. Viwanda hubadilisha muundo wa kadi miaka ikipita: rangi, mahali pa nembo, sahihi ya mpimaji. Linganisha na kadi ya kiwanda hicho, ya uzito huo, ya kipindi hicho. Makosa ambayo hayana kipindi ni ya tahajia, nafasi kati ya herufi zisizolingana, na maelezo yanayopingana na chuma: kadi inasema gramu 31.1 huku kipande kimeandikwa 1 oz ni sawa, maana aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1035. Kadi ikisema gramu 28, aliyeichapa alikuwa anafikiria aunsi ya unga wa ngano.

Sasa mshono, yaani pale pakiti ilipofungwa. Pakiti za aina hii hufungwa kwa joto au kwa mtetemo unaoyeyusha plastiki mbili zikawa kitu kimoja. Mshono wa namna hiyo una upana uleule kuzunguka kadi yote, na pembe zake nne zinafanana. Kuufungua bila kuacha alama ni kazi ngumu, na kuufunga tena ni ngumu zaidi, kwa kuwa plastiki ikishapasuka haikumbuki ilivyokuwa. Anayefungua kwa wembe huacha mkwaruzo mwembamba ulionyooka ndani ya ukingo, kwa kawaida pembeni mwa upande mmoja tu. Anayepinda plastiki huacha mstari mweupe kama maziwa pale ilipokunjwa. Anayerudishia kwa supaglu huacha ukungu mweupe upande wa ndani, kwa sababu mvuke wa gundi hiyo hutua kwenye kitu kilicho karibu, na ndani ya pakiti kitu kilicho karibu ni dhahabu na plastiki inayoifunika. Ukungu huo hauondoki kwa kufuta nje.

Angalia pia kipande kimekaaje. Ndani ya pakiti nyingi kuna kitako kilichokatwa kwa kipimo cha kipande. Kikiwa kimelala mshazari, au upande mmoja una mwanya mpana na mwingine umebana, uliza kwa nini. Alama ya kidole kwenye uso wa dhahabu, chini ya plastiki, ni mbaya kuliko mikwaruzo ishirini juu ya plastiki. Mikwaruzo ya juu ni ya mfukoni na ya droo. Pakiti halali iliyozunguka mikononi mwa watu huwa nayo. Na hapa niseme wazi: mshono mkamilifu unakuambia tu kwamba pakiti haijafunguliwa tangu ifungwe. Nani aliifunga, hausemi. Mashine ya kufunga plastiki si siri ya Uswisi.

Picha ulizotumiwa hazikuruhusu kuona hata nusu ya haya, na kosa si la macho yako. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana, na kitu cha kwanza kupotea ni vile vistari na vitone tunavyovitafuta. Mwombe azitume kama faili, kwa kubonyeza alama ya kibanio na kuchagua hati badala ya picha. Omba uso, mgongo, na ubavu wa pakiti ukiwa umesimama kando ya rula. Omba picha za pembe nne za mshono, zilizopigwa karibu na dirisha, taa ya simu ikiwa imezimwa na kadi ikiinamishwa ili mwanga uje kwa ubavuni. Mwanga wa mbele unafunika kila kitu. Mwanga wa kando unaonyesha mikunjo na mikwaruzo kama vile jua la jioni linavyoonyesha mashimo ya barabara. Na katika picha mojawapo iwepo karatasi yenye neno utakalolichagua wewe, dakika hiyohiyo. Mwenye kitu mkononi anamaliza hayo kwa dakika tano. Aliyeazima picha za watu ataanza kulalamika kuhusu kamera.

Ile picha ya ubavu ndiyo ninayoitaka kuliko zote, na nitakuonyesha kwa nini kwa hesabu. Kipande cha PAMP cha aunsi moja kina uso wa takriban milimita 41 kwa 24, na unene wa karibu milimita 1.7. Dhahabu safi ina gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo gramu 31.1 zinaingia kwenye sentimita za ujazo 1.61 tu. Shaba njano, ambayo ndiyo tumbo la feki nyingi, ina gramu 8.5 hivi kwa ujazo uleule. Mkora akitengeneza kipande cha shaba chenye ukubwa sahihi, kitakuwa na gramu 13.7, pungufu ya gramu 17. Akitaka mizani iseme 31.1, lazima akinenepeshe hadi milimita 3.7 hivi, zaidi ya mara mbili. Kwa shaba hana njia ya tatu: ama uzito utamkana ama unene.

Kwa hiyo, tuseme picha ya ubavu imekuja, na kando ya rula kipande kinaonekana kujaza milimita tatu na ushei. Umemaliza, huna haja hata ya kupanda matatu. Tuseme kinaonekana chembamba, chini ya milimita mbili. Vizuri, hapo uzito ndio unaobaki, na huwezi kuupata kwa picha ya mizani ya jikoni ikiwa na pakiti juu yake, kwa sababu hujui plastiki yenyewe ina uzito gani. Ukiwa dukani penye pakiti nyingine ya aina hiyo inayoaminika, ziweke moja baada ya nyingine kwenye mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Pengo la gramu 17 halijifichi nyuma ya kadi.

Linalobaki ni tangsteni, na hapa mizani na rula zote zinaishiwa nguvu. Tangsteni ina uzito karibu sawa kabisa na wa dhahabu kwa ujazo, ndiyo maana walaghai wa hali ya juu wanaipenda. Mashine ya eksirei inayotumiwa na masonara nayo isikudanganye: inasoma ngozi ya juu tu, haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo ganda la dhahabu nene kiasi litasomwa kuwa dhahabu safi ya 999 huku tumboni mna kitu kingine. Kinachotofautisha metali hizi mbili bila kufungua pakiti ni umeme. Dhahabu hupitisha umeme zaidi ya mara mbili kuliko tangsteni, na kuna vipimo vya mezani, cha Sigma Metalytics ndicho kinachojulikana zaidi, vinavyosoma sifa hiyo kupitia plastiki na kupenya chini ya uso. Unaweka pakiti juu yake, unachagua dhahabu 999.9, na alama kwenye skrini inatua ndani ya mabano au nje.

Hapo ndipo sharti la muuzaji wako linapokosa miguu. Kwa sehemu anasema kweli: kipande kilichotolewa kwenye pakiti ni kigumu kidogo kuuza, kwa kuwa mnunuzi wa pili atataka kukipima upya, na wengine hukata bei kwa usumbufu huo. Dhahabu yenyewe haipungui hata punje. Lakini wewe huhitaji kufungua. Kupima kwa umeme hakufungui pakiti, kupima uzito hakuifungui, lenzi haiifungui. Mtu anayekataa pakiti kufunguliwa unaweza kumwelewa. Anayekataa hata kupimwa kwake anakuambia jambo jingine.

Kwa kuwa ni PAMP, kuna njia moja zaidi. Pakiti zao nyingi za sasa zina neno VERISCAN. Mfumo huo hausomi nambari pekee. Unalinganisha sura ya uso wa chuma chenyewe, vile vitu vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kumbukumbu iliyochukuliwa kiwandani. Huo ni ushahidi mzito kuliko nambari, kwa sababu nambari hunakiliwa na mikwaruzo midogo ya kiasili haina mtu wa kuinakili. Masharti mawili: pakua programu mwenyewe kutoka duka la programu la simu yako, na uichanganue pakiti yenyewe, kwa simu yako, kwa mkono wako. Usichanganue msimbo wa QR uliopo kwenye kadi ukaamini ukurasa unaofunguka. Msimbo unakupeleka pale aliyeuchapa alikotaka uende, na kuandika "HALALI" kwa rangi ya kijani kwenye tovuti ni kazi ya nusu saa. Kipande kisipokuwa na neno VERISCAN, hilo peke yake si kosa. Cha zamani hakikuwa nalo.

Iwapo atageuka akuambie ana sarafu badala ya kipande, jua kwamba haya ya siriali hayafanyi kazi huko. Krugerrand ya Afrika Kusini, kwa mfano, haina siriali, na kadi yoyote iliyofungwa nayo kwa kawaida imewekwa na muuzaji fulani wa kati. Kadi hiyo ina thamani ya jina la huyo muuzaji, basi. Krugerrand ya aunsi moja ina uzito wa gramu 33.93, kwa kuwa ni karati 22 na imechanganywa na shaba. Mtu akikuonyesha moja ya gramu 31.1 akidhani anakufurahisha, amejifunga mwenyewe. Na kwenye kipimo cha umeme lazima uchague aina hiyo, la sivyo halali itaonekana feki.

Kuhusu bei, fanya hesabu yako kabla ya kumhurumia mtu. Chukua bei ya aunsi ya dhahabu ya leo kwa dola, izidishe kwa kiwango cha dola cha Benki Kuu. Hiyo ni thamani ya metali tupu, na kipande kilichopigwa chapa na kufungwa huuzwa juu yake kidogo. Mwenye bili ya hospitali na aunsi ya kweli anaweza kuingia kwa mnunuzi yeyote wa dhahabu mwenye leseni jijini na kutoka na pesa siku hiyohiyo, akipoteza asilimia chache. Anayekubali kupoteza kumi na tano kwako, mtu asiyekujua, kuna mlango ambao hataki kuupita. Huenda kuna sababu nyingine, mwache aieleze.

Ukiona bado inafaa kuendelea, mkutane pale penye kipimo, kamwe si kwenye apatimenti ya Kilimani wala kwenye gari. Pigia simu masonara wa katikati ya jiji na wa Diamond Plaza, Parklands, uulize swali moja: "Mna mashine inayopima kipande kikiwa ndani ya pakiti, kwa umeme, si eksirei?" Wengi watakuwa na eksirei tu, endelea kupiga. Chagua duka wewe, usimwambie jina lake mpaka asubuhi ya kukutana, na umkatae "fundi wangu" atakayekuja naye. Kwa kipimo cha maabara, kile kinachohitaji kufungua, ofisi za madini za serikali ziko Madini House, Industrial Area. Piga simu kwanza ujue kama wanapokea kitu cha mtu binafsi na kwa ada gani. Pakiti isitoke machoni pako kati ya kupimwa na kulipwa, hata kwa sekunde anayosema anaitia kwenye bahasha. Pakiti nzuri hupimwa, mbaya hutiwa kwenye bahasha. Mchezo huo ni wa zamani. Lipa kwa benki, kwa akaunti yenye jina lililo kwenye kitambulisho chake, na risiti iandikwe siriali. Akikutisha, au ukiwa umeshatuma pesa, peleka picha na nambari za simu kwa DCI kabla hujamjibu tena.

Kwa leo mtumie ujumbe huu tu: "Nimeikubali bei. Naomba picha ya ubavu wa pakiti kando ya rula na pembe nne za mshono, kama faili, na kikaratasi kilichoandikwa 'Jumanne sukuma wiki'. Kisha tutapima pamoja dukani bila kufungua, gharama ni yangu."